Kodi kwa namba: kuhamisha wimbo bila kuuvuruga

Bendi inayotumbuiza watalii katika hoteli za Samburu na Buffalo Springs, kaskazini mwa mji wa Isiolo, haiwezi kukwepa "Jambo Bwana", wimbo wa Them Mushrooms wa mwaka 1982. Tuseme bendi imeuzoea katika kii ya G, kwa kodi tatu: G, C na D. Usiku mmoja mwimbaji mwingine anashika maikrofoni, na kwake G iko juu mno. Anaomba E flati. Mpiga gitaa aliyekariri herufi atabaki anakuna kichwa.

Aliyekariri namba hana shida. Hesabu sauti saba za skeli ya G kuanzia G yenyewe: C ni ya nne, D ni ya tano. Basi wimbo unaandikwa I, IV, V. Katika E flati sauti zinakwenda E flati, F, G, A flati, B flati, C, D, kwa hiyo anapiga E flati, A flati na B flati. Wanakwaya wataona mambo haya si mageni, maana katika sol-fa "do" huhama na kii vilevile.

Namba za Kirumi zilienezwa na Mjerumani Gottfried Weber, katika kitabu chake kilichoanza kutoka 1817. Alitumia herufi kubwa kwa kodi za meja na ndogo kwa za maina, na tofauti hiyo isipuuzwe. Wimbo wa kanisani wenye G, E maina, C na D ni I, vi, IV, V. Ukihamia F unakuwa F, D maina, B flati na C. Hapo kwenye B flati ndipo wengi huteleza, wakapiga B ya kawaida. Sikio halikawii kulalamika. Namba haimsaidii asiyeijua skeli.

Mpiga gitaa anayechukia kodi za flati ana njia ya mkato: afunge kapo kwenye freti ya tatu, apige C, F na G, zitasikika E flati, A flati na B flati. Ila asimtajie mpiga besi majina ya kodi anazoshika vidoleni. Amtajie namba. Mpiga kinanda naye ana kitufe cha TRANSPOSE, nacho kina hila yake: akisahau kukirudisha sifuri, wimbo unaofuata unaanza na watu wawili katika kii mbili.

Si kila wimbo wa eneo hili unahitaji haya. Nyimbo za morani wa Kisamburu huimbwa kwa sauti tupu, bila ala, na hazikutungwa juu ya kodi. Kuzihamisha ni rahisi zaidi: kiongozi anaanza chini kidogo, wengine wanamfuata.