Tiketi Ambayo Fundi Anaweza Kuifanyia Kazi

Mjaribu wa programu ya kutuma pesa kwa simu anaandika: "Kutuma pesa kunasumbua, kiasi kinakuja kingine." Fundi anajaribu kutuma, kiasi kinatokea sawasawa, naye anaifunga tiketi akisema haoni tatizo. Kosa linabaki palepale likimsubiri mteja.

Lalamiko la namna hii halitupwi, huandikwa upya, na kazi huanza kwa maswali. Ulitumia simu gani? Toleo gani la programu? Uliandika nini hasa, na skrini ikaonyesha nini? Tuseme mjaribu anajibu kwamba kiasi hakukiandika mwenyewe, alikinakili kutoka kwenye ujumbe mfupi. Mwandishi wa tiketi anarudia yote mawili. Akiandika 10000, mambo ni shwari. Akibandika 10,000, skrini inaonyesha shilingi 10. Sasa anaandika:

Kichwa: Kiasi kilichobandikwa na koma kinasomwa pungufu

Hatua:
1. Fungua ukurasa wa "Tuma Pesa" na uchague mpokeaji.
2. Bandika 10,000 kwenye sehemu ya kiasi.
3. Bonyeza "Endelea".

Matokeo yaliyotarajiwa: Ukurasa wa uthibitisho uonyeshe shilingi 10,000.

Matokeo halisi: Unaonyesha shilingi 10. Imetokea mara 5 kati ya 5.

Chini yake anaongeza aina ya simu, toleo la programu na picha ya skrini. Ikiwa programu imeandikwa kwa JavaScript, fundi atajua mara moja pa kutazama, kwa sababu amri hii huacha kusoma namba inapokutana na koma:

```
parseFloat("10,000")  // 10
```

Sehemu inayohitaji uangalifu zaidi ni matokeo yaliyotarajiwa. Je, programu ikubali koma, au imkatalie mtumiaji na kumwonyesha ujumbe wa kosa? Jibu hutoka kwenye maelezo ya mahitaji ya programu au kwa msimamizi wa bidhaa. Likikisiwa tu, fundi anaweza kutengeneza kitu ambacho hakikuagizwa, na tiketi ikafunguliwa tena.

Vilevile, anayeandika upya asijaze pengo kwa hatua za kubuni. Kosa likitokea mara 2 kati ya 10, aandike hivyo hivyo, pamoja na saa lilipotokea, ili fundi alitafute kwenye kumbukumbu za seva. Na dhana yake kuhusu chanzo aiweke kando na matokeo halisi, maana kuandika "seva imekufa" kunaweza kumpeleka fundi kwenye seva ilhali kosa limo ndani ya simu.

Kabla hujatuma tiketi, mpe mwenzako ambaye hakuwepo afuate hatua zako bila kukuuliza neno. Akilifikia kosa lilelile, itume. Akikwama, rekebisha hatua ile aliyokwamia.