Goti Lililoteguka Uwanjani: Angalia Saa

Leo tuzungumzie goti la kijana.

Tuseme mwanao wa miaka 15 anacheza mpira hapa Vitengeni saa kumi jioni. Anageuka ghafla, mguu umekwama ardhini, goti linapinda. Anasikia kitu kikilia "ko!" ndani, anaanguka. Kabla ya magharibi goti limejaa kama nazi.

Saa hizo zina maana. Goti likivimba ndani ya saa mbili hivi, mara nyingi ni damu inayojaa ndani yake. Huenda kano imekatika, yaani ile kamba ngumu inayofunga mfupa na mfupa. Uvimbe unaokuja polepole hadi kesho yake mara nyingi ni jeraha dogo zaidi, ingawa nao usipuuzwe.

Ufanye nini? Asiendelee kucheza. Mlaze, mguu uinuke juu ya mto. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, kisha rudia baada ya saa mbili au tatu. Kama hakuna barafu, tumia kitambaa kilicholowekwa maji baridi ya mtungini. Funga bendeji bila kukaza. Vidole vikifa ganzi, ilegeze. Kwa maumivu, mpe parasetamoli kwa kipimo cha umri wake.

Kwa siku tatu za kwanza usimkande kwa maji moto, na asichuliwe. Joto na kuchua huongeza damu na uvimbe. Wala asivutwe goti ati lirudi mahali pake.

Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi ikiwa goti limevimba haraka, hawezi kutembea hatua nne, hawezi kulikunja, au limekwama halinyooki. Mguu ukiwa baridi, umefifia rangi au hauna hisia, au goti limekaa upande, usingoje: ni dharura. Goti lenye joto pamoja na homa pia ni la kukimbizwa hospitali.

Huenda akapigwa eksirei, nayo ikaonyesha mfupa ni mzima. Usiseme basi amepona, kwa maana eksirei haionyeshi kano. Daktari huipima kwa mikono, na uvimbe ukiwa mwingi hupima tena baada ya wiki moja au mbili.

Hapa ndipo wengi hukosea. Baada ya wiki tatu uvimbe umeisha, kijana anatembea, anarudi uwanjani. Akigeuka tu, goti linamtoka, kama kwamba halimbebi. Hiyo ni dalili kubwa ya kano iliyokatika. Kila likimtoka, linasaga gegedu, na gegedu iliyosagika hairudi. Mzuie kucheza, umrudishe kwa daktari, naye atampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo au wa upasuaji wa mifupa.