Utapiamlo Mkali kwa Mtoto: Kuutambua na Kuutibu Hatua kwa Hatua

Utapiamlo wa mtoto hupangwa katika makundi kwa vipimo vitatu: umri, uzito na urefu. Uzito ukiwa mdogo kuliko unaostahili kwa urefu wake, mtoto ana ukondefu, dalili ya upungufu wa muda mfupi uliopita. Urefu ukiwa mdogo kuliko unaostahili kwa umri wake, ana udumavu, matokeo ya upungufu wa muda mrefu. Uzito mdogo kwa umri huitwa uzito pungufu, nao hauonyeshi peke yake kama tatizo ni la jana au la miaka. Mtoto mmoja anaweza kuwa na yote matatu kwa pamoja.

Kupata ukali wa tatizo, vipimo vya mtoto hulinganishwa na chati za ukuaji zilizotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006. Chati hizo huonyesha mtoto amekaa mbali kiasi gani na mtoto wa wastani, kwa alama inayoitwa alama ya Z. Mkondefu aliye kati ya -2 na -3 ana utapiamlo wa kadiri, na aliye chini ya -3 ana utapiamlo mkali. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, utepe wa kupimia mkono wa juu hutoa jibu la haraka zaidi: chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, na kuanzia 115 hadi chini ya 125 ni wa kadiri.

Kigezo cha tatu ni uvimbe wa miguu yote miwili. Mhudumu hubonyeza nyayo zote mbili kwa juu, kwa vidole gumba, kwa sekunde chache. Shimo likibaki pande zote mbili, huo ni utapiamlo mkali hata kama mizani inaonyesha uzito mzuri, kwa kuwa maji yaliyojaa mwilini nayo yana uzito. Hali hii ndiyo kwashakoo, ambayo huweza kuja pamoja na ngozi inayobanduka, nywele zinazobadilika rangi na mtoto mnyong'onyevu asiyetaka kuguswa. Mtoto aliyekonda hadi mbavu zinahesabika, bila uvimbe, ana nyongea. Wapo wanaobeba yote mawili.

Baada ya kupanga kundi huja swali la pili: mtoto atibiwe wapi? Mwenye utapiamlo mkali anayekula chakula dawa kwa hamu, aliye macho na asiye na ugonjwa mwingine mzito, hutibiwa akiwa nyumbani na kurudi kliniki kila wiki. Aliyekosa hamu ya kula, mwenye uvimbe uliosambaa mwili mzima, au mwenye dalili za hatari kama kutapika kila kitu, degedege, kupoteza fahamu au kupoa mwili, hulazwa.

Mpango wa wodini una hatua kumi, na mpangilio wake una sababu. Mwili ulionyimwa chakula muda mrefu hupunguza kazi zake ili uishi. Moyo husukuma damu kwa udhaifu, figo hushindwa kutoa chumvi ya ziada, sodiamu hujaa ndani ya seli na potasiamu huvuja. Mtoto akimiminiwa maji mengi au akilishwa chakula kizito siku ya kwanza, moyo huweza kushindwa. Ndiyo maana awamu ya kwanza, ya siku chache hadi wiki moja, hailengi kuongeza uzito bali kutuliza hali.

Mfano ni mtoto wa kiume wa miezi 14 aliyeletwa akiharisha maji. Ana kilo 6.0, urefu sentimita 72 na mkono milimita 108, hana uvimbe. Uzito wake kwa urefu uko chini ya -3 na urefu kwa umri uko chini ya -2. Kwa hiyo ana nyongea kali pamoja na udumavu. Joto la kwapani ni nyuzi 34.8 na sukari ya damu ni milimoli 2.6 kwa lita. Hana hamu ya kula, kwa hiyo hulazwa.

Hatua ya kwanza ni sukari. Iko chini ya 3, kwa hiyo hupewa mililita 50 za maji ya glukosi ya asilimia 10, kwa mdomo au kwa mrija wa puani, na hupimwa tena baada ya nusu saa. Hatua ya pili ni joto: liko chini ya 35, hivyo huvishwa, hufunikwa hata kichwa na hukumbatiwa ngozi kwa ngozi na mama. Hatua ya tatu ni upungufu wa maji, ambao kwake hutibiwa kwa ReSoMal, mchanganyiko wenye sodiamu kidogo na potasiamu nyingi kuliko chumvichumvi ya kawaida. Kipimo ni mililita 5 kwa kila kilo, yaani 30, kila nusu saa kwa saa mbili. Baada ya hapo hupewa mililita 30 hadi 60 kwa saa, kwa zamu na maziwa. Mapigo ya moyo yakiongezeka kwa 25 kwa dakika na pumzi kwa 5, ReSoMal husimamishwa mara moja, kwa kuwa ni dalili kwamba maji yamezidi. Dripu ya mshipani hutumika kwa mtoto aliye katika mshtuko wa kupungukiwa damu au maji tu.

Hatua ya nne ni potasiamu na magnesiamu, ambazo zimo tayari ndani ya maziwa ya tiba na ReSoMal. Ya tano ni maambukizi. Mwili huu hauna nguvu ya kuonyesha homa, kwa hiyo antibayotiki hutolewa bila kusubiri dalili: kwa mtoto mwenye matatizo kama huyu, ampisilini na jentamaisini. Ya sita ni vitamini na madini, lakini si madini ya chuma, ambayo husubiri awamu ya pili.

Hatua ya saba ni kulisha taratibu kwa maziwa ya F-75, yenye nishati ya kilokalori 75 kwa mililita 100 na protini kidogo. Kiasi ni mililita 130 kwa kilo kwa siku. Kwa kilo 6 ni mililita 780, na zikigawanywa kwa milo 12, kila saa mbili mtoto hupata mililita 65, usiku na mchana. Mwenye uvimbe uliosambaa mwili mzima hupewa 100 kwa kilo, na uvimbe wake haukaushwi kwa dawa za kuongeza mkojo.

Hamu ya kula ikirudi, hatua ya nane huanza. F-75 hubadilishwa na F-100, kiasi kilekile kwa siku mbili, kisha kila mlo huongezwa mililita 10 hadi mtoto aanze kubakiza. Chakula dawa hutumika pia mahali pa F-100. Madini ya chuma huanza kwa anayetumia F-100, kwani chakula dawa tayari kinayo. Mtoto huyu akipanda kutoka kilo 6.1 hadi 6.6 kwa siku saba, amepata gramu 71 kwa siku, karibu 12 kwa kila kilo. Zaidi ya gramu 10 ni maendeleo mazuri. Chini ya 5, mhudumu hutafuta sababu: mlo mdogo, kuruka milo ya usiku, au maambukizi kama kifua kikuu.

Hatua ya tisa ni michezo na maongezi, kwa sababu ubongo nao umedumaa. Ya kumi ni kumwandaa mlezi kwa lishe ya nyumbani na miadi ya kliniki. Tiba humalizika uzito kwa urefu ukifika angalau -2, au mkono milimita 125, na uvimbe ukiwa haujaonekana kwa wiki mbili.

Katika mtihani, jibu linaloruka kundi na kuanza na dawa hukosa msingi, na jibu linaloanza na kuongeza uzito siku ya kwanza huonyesha tiba inayoweza kuua. Kwanza mtoto apangiwe kundi, kisha sukari, joto na maji, na uzito ufuate hali ikishatulia.