Kupima paa kwa picha

Picha moja haitoshi kupima paa, kwa kuwa haionyeshi kina. Kona ileile ikipigwa kutoka sehemu mbili au zaidi, kompyuta hukadiria majiranukta yake matatu: x, y na kimo z.

Tuseme upande wa paa wenye umbo la msambamba umetupa kona A(2, 1, 3), B(8, 1, 3) na D(4, 5, 6), kwa mita. Toa A kwenye B, kisha A kwenye D. Unapata vekta mbili, (6, 0, 0) na (2, 4, 3), zenye urefu wa mita 6 na 5.39.

Kwa pembe, zidisha namba zinazolingana na ujumlishe: 12 + 0 + 0 = 12. Gawa kwa zao la urefu huo. Kosini ni takriban 0.371, yaani nyuzi 68.

Kwa eneo tunatumia zao la vekta, ambalo hapa ni (0, −18, 24). Urefu wake ni 30, basi mabati yafunike mita za mraba 30. Ile 24 ya mwisho ni eneo linaloonekana kutoka juu kabisa. Anayepima kwa ramani atapungukiwa mita 6 za mraba.

Kagua kona ya nne: B + D − A ni (10, 5, 6). Picha ikitoa tofauti kubwa, kuna kona iliyosomwa vibaya, au paa si msambamba. Tena, pima ukuta mmoja kwa futi ya kamba. Urefu wote ukipungua kwa asilimia 10, pembe haibadiliki, lakini eneo hushuka kwa asilimia 19.