Kikumbusho (masomo)

Kikumbusho ni neno, sentensi au mfuatano wa silabi unaotungwa ili kumsaidia mtu kukumbuka orodha ya hatua au makundi. Kila sehemu ya kikumbusho husimama badala ya jambo moja katika orodha. Katika shule za Tanzania kikumbusho kinachojulikana sana ni MAGAZIJUTO, kinachotumika kukumbuka utaratibu wa matendo ya hesabu.

Makala hii inaeleza jinsi kikumbusho cha Kiswahili kinavyotungwa kutoka katika slaidi za marudio. Mifano yake ni MAGAZIJUTO na orodha ya wilaya za Mkoa wa Kagera, zikiwemo Ngara na Biharamulo.

## Silabi badala ya herufi

Katika Kiingereza kikumbusho hutungwa mara nyingi kwa herufi ya kwanza ya kila neno. Njia hiyo haifai sana katika Kiswahili, kwa sababu maneno mengi ya aina moja huanza na kiambishi kilekile. Hatua zikiandikwa "kugawanya, kuzidisha, kujumlisha, kutoa", herufi za kwanza ni K, K, K, K, ambazo hazimkumbushi mwanafunzi chochote.

MAGAZIJUTO inakwepa tatizo hilo kwa njia mbili. Kwanza, vitendo vimeondolewa "ku-" na kubaki kama amri: gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Pili, kinachochukuliwa ni silabi nzima ya kwanza, si herufi moja. Kwa hiyo MA ni mabano, GA ni gawanya, ZI ni zidisha, JU ni jumlisha na TO ni toa. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, hivyo zikiunganishwa hutamkika kama neno la kawaida hata kama neno hilo halina maana.

Lugha za nyumbani za Ngara, kama Kihangaza na Kishubi, nazo ni za Kibantu na zina viambishi vya ngeli. Mwanafunzi anayetunga kikumbusho katika lugha hizo hukutana na tatizo lilelile la herufi za kwanza. Zaidi ya hapo, hulazimika kutafsiri kila neno kabla ya kuandika jibu. Ni rahisi zaidi kikumbusho kikiwa katika lugha ya mtihani, yaani Kiswahili katika shule za msingi za serikali zinazofundisha kwa lugha hiyo, na Kiingereza katika sekondari.

## Kutunga kutoka katika slaidi

Orodha iliyogawanywa katika slaidi kadhaa haionekani yote kwa mara moja. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuikusanya kwenye ukurasa mmoja na kuhesabu mambo yaliyomo. Makosa mengi huanzia hapa: mfano huhesabiwa kama jambo la orodha, au jambo moja lililotajwa kwa majina mawili huhesabiwa mara mbili.

Wilaya za Kagera zinaonyesha hatari hiyo. Mkoa una wilaya 7: Biharamulo, Bukoba, Karagwe, Kyerwa, Missenyi, Muleba na Ngara. Lakini slaidi inayotaja halmashauri itakuwa na majina 8, kwa kuwa Bukoba ina halmashauri ya manispaa na halmashauri ya wilaya. Anayechanganya slaidi hizo mbili atatunga kikumbusho chenye silabi moja ya ziada. Ndiyo maana idadi huandikwa kwanza, pamoja na jina la kile kinachohesabiwa: "wilaya 7".

Kazi ya pili ni kuuliza kama orodha ina mpangilio wa lazima. Hatua za hesabu zina mpangilio, hivyo mtungaji hawezi kuzihamisha. Wilaya hazina, hivyo mtungaji yuko huru kuchagua. Zikipangwa kwa alfabeti hutoa silabi hizi:

BI-BU, KA-KYE, MI-MU, NGA

Mpangilio huu una mapigo mazuri: jozi tatu, kila moja ikianza na konsonanti moja, kisha silabi moja peke yake. Mwanafunzi akisahau silabi moja, jozi isiyokamilika humwonyesha mahali palipo na pengo.

Mpangilio wa pili hufuata ramani. Ukianzia kaskazini, ukashuka kando ya Ziwa Viktoria, kisha ukazunguka kusini na kurudi kwa upande wa magharibi, unapata:

MI-BU-MU, BI-NGA, KA-KYE

Hapa silabi hubeba habari zaidi ya majina. Kila wilaya imewekwa karibu na jirani yake: Muleba hufuatwa na Biharamulo, Biharamulo na Ngara, na Ngara na Karagwe. Kwa swali linalotaka majina tu, mpangilio wa alfabeti unatosha. Kwa swali la mipaka au la kuchora ramani, huu wa pili unafaa zaidi.

## Kile ambacho kikumbusho huficha

Kikumbusho hupanga mambo yote katika mstari mmoja. Slaidi inaweza kuonyesha kwamba mambo mawili yana cheo sawa, lakini silabi zikishapangwa, habari hiyo hupotea. MAGAZIJUTO ina kasoro hiyo. Kanuni ya hesabu ni kwamba kugawanya na kuzidisha vina cheo sawa na hufanywa kutoka kushoto kwenda kulia; vivyo hivyo kujumlisha na kutoa.

Chukua hesabu hii:

30 − 12 ÷ (2 + 1) × 2 + 5

MA: 2 + 1 = 3, inabaki 30 − 12 ÷ 3 × 2 + 5.
GA: 12 ÷ 3 = 4, inabaki 30 − 4 × 2 + 5.
ZI: 4 × 2 = 8, inabaki 30 − 8 + 5.

Mwanafunzi anayefuata JU kabla ya TO bila kufikiri atajumlisha 8 + 5 kupata 13, kisha 30 − 13 = 17. Jibu hilo si sahihi. Kutoka kushoto, 30 − 8 = 22, na 22 + 5 = 27.

Kosa limetokea kwa sababu alama ya kutoa ni ya 8 peke yake, lakini kwa kujumlisha 8 na 5 kwanza, 5 nayo imetolewa. Anayetaka kufuata JU kwanza anapaswa kukusanya namba zinazojumlishwa tu: 30 + 5 = 35, kisha 35 − 8 = 27.

Kwa GA na ZI hali ni tofauti. Kugawanya kabla ya kuzidisha hakuharibu jibu, mradi migawanyo inayofuatana ifanywe kutoka kushoto. Kwa mfano, 8 × 6 ÷ 2 ni 24 ukianza na 6 ÷ 2, na pia ni 24 ukianza na 8 × 6. Kwa hiyo mahali pa kuangalia ni silabi mbili za mwisho. Wapo wanaoandika kikumbusho kwa mabano ili cheo sawa kionekane: MA-(GAZI)-(JUTO).

MAGAZIJUTO pia haina silabi ya vipeo. Katika 2 × 3² kipeo hufanywa kwanza, na jibu ni 18, si 36.

## Kupima na kurekebisha

Kikumbusho hupimwa kwa karatasi tupu. Mwanafunzi huandika silabi, kisha neno kamili mbele ya kila silabi, bila kutazama slaidi. Akikumbuka "KYE" lakini si "Kyerwa", silabi imekaririwa bila kufungwa na maana yake. Kipimo kingine ni kuanzia katikati, kwa mfano kuuliza ni wilaya gani inafuata baada ya NGA.

Orodha yenyewe inaweza kubadilika. Hadi mwaka 2012 Chato ilikuwa wilaya ya Kagera. Mwaka huo ilihamishiwa Mkoa mpya wa Geita. Kikumbusho chenye silabi CHA katika slaidi za zamani kinalingana na ramani ya wakati huo, na hakifai kwa orodha ya sasa.