LIKIZO YA MTIHANI: SIKU ZAKE ZINATOKA WAPI?

Katika barua zinazotufikia kutoka kwa akina mama walioajiriwa, swali moja hurudi kila inapokaribia Mei na Novemba. Hiyo ndiyo miezi ambayo Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, yaani NBAA, hufanyisha mitihani yake hapa Tanzania. Mama anafanya kazi ya uhasibu mchana, jioni ana watoto na jiko, na bado amebakiza masomo mawili ili apate cheti cha CPA. Anauliza: je, mwajiri analazimika kumpa likizo ya kujisomea na kufanya mtihani?

Jibu fupi litawasikitisha wengi. Kwa sekta binafsi ya Tanzania Bara, sheria inayotuongoza ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo inataja likizo ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi, ya baba aliyepata mtoto, na siku za msiba au ugonjwa wa mtoto. Likizo ya mtihani haimo. Kwa hiyo siku za mtihani hutoka mahali pawili tu: kwenye siku zako 28 za mwaka, au kwenye makubaliano yako na mwajiri, yawe katika mkataba wako, katika kanuni za kampuni au katika mkataba wa hali bora uliofungwa na chama cha wafanyakazi. Mtumishi wa umma ana taratibu zake, na wa kumuuliza ni afisa utumishi wake.

Tumeona ni vema mwezi huu tuketi pamoja na kuzipiga hesabu siku hizo. Wengi huomba ruhusa kwa mdomo, wakaipata, kisha Desemba wakaambiwa hawana siku hata moja ya kwenda nyumbani kwa Krismasi.

Siku 28 zinavyohesabiwa

Sheria inasema likizo ya mwaka ni siku zisizopungua 28 mfululizo. Neno hilo "mfululizo" lina uzito. Maana yake Jumamosi, Jumapili na sikukuu zinazoangukia ndani ya likizo huhesabiwa nazo. Mama anayechukua wiki mbili kamili ametumia siku 14, hata kama ofisi yake hufanya kazi siku tano tu kwa wiki. Baadhi ya kampuni huhesabu siku za kazi peke yake, na hiyo ni hisani yao. Utajua iliyopo kwako kwa kuitazama fomu ya likizo uliyojaza mara ya mwisho. Hesabu siku zilizokatwa, ulinganishe na kalenda.

Jambo la pili ni kwamba mwajiri ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya wakati wa kwenda likizo. Anachobanwa nacho ni kutokuiahirisha zaidi ya miezi sita baada ya mwaka wako wa likizo kwisha, au miezi 12 kama wewe mwenyewe umekubali na shughuli za kazi zimelazimu. Hivyo akikuambia Novemba haiwezekani, hajavunja sheria. Ndiyo maana ombi linapaswa kumfikia kabla hujalipa ada ya mtihani, wala si wiki mbili kabla ya kuingia chumbani.

La tatu ndilo linalowashtua wengi. Kifungu cha 31 cha sheria hiyo kinamruhusu mwajiri kupunguza katika zile siku 28 siku zozote za likizo yenye malipo alizokupa kwa ombi lako ndani ya mwaka huo. Basi zile siku mbili ulizopewa kwa upole, "nenda mama ukafanye mtihani wako," zinaweza kukatwa kihalali kabisa. Kama makubaliano yenu ni kwamba hazitakatwa, yaandikwe.

Tupige hesabu ya mama mmoja

Tuchukue mfano wa mama anayefanya kazi ya uhasibu katika kampuni binafsi huko Makambako, Jumatatu hadi Ijumaa. Amebakiza somo la kodi na somo la ukaguzi. Amejiandikisha kufanyia Mbeya, na mitihani yake ya Novemba imeangukia Jumanne na Alhamisi. Mwezi Juni alikwisha kutumia siku 10 kumuuguza mama yake. Amebakiwa na siku 18.

Kishawishi cha kwanza ni kuzichukua zote 18 kwa mkupuo. Sisi hatumshauri hivyo. Mtihani wa Bodi ni saa tatu za kuandika kwa mkono, na hesabu nyingi ndani yake. Mtu aliyekwisha kulielewa somo anaweza kuanguka kwa sababu hajazoea kumaliza ndani ya saa hizo. Upungufu huo hauonekani kwa kusoma daftari, unaonekana ukijipima. Ukijipima kwa mara ya kwanza siku nne kabla ya mtihani, huna tena nafasi ya kurekebisha.

Kwa hiyo mama huyu anaomba kwanza Ijumaa tatu za mwezi Oktoba. Kila Ijumaa, watoto wakiwa shuleni, anaketi na karatasi ya mtihani uliopita, anaweka saa mezani, anaandika saa tatu bila kufungua kitabu. Jumamosi anajisahihisha, na kile alichokosa ndicho anachokisoma usiku wa wiki inayofuata. Hizo ni siku 3.

Kisha anaomba kuanzia Jumatatu ya wiki inayotangulia mtihani hadi Ijumaa ya wiki ya mtihani. Wiki ya kwanza ni siku 7, kwa kuwa Jumamosi na Jumapili zimo. Wiki ya pili ni siku 5: Jumatatu kusafiri kwenda Mbeya, Jumanne mtihani, Jumatano kupitia somo la pili, Alhamisi mtihani, Ijumaa kurudi. Jumla 12. Ukijumlisha na zile Ijumaa ni siku 15, na anabakiwa na 3 za Krismasi. Mwajiri akikubali kwamba siku mbili za mtihani wenyewe hazikatwi, anabakiwa na 5. Siku mbili zinaonekana ndogo, lakini kwa mwenye wazazi mbali ndizo zinazoamua kama watoto watawaona bibi na babu mwaka huu au la.

Ombi linalokubalika

Mwajiri wa mhasibu ana hofu zake, nazo ni za haki. Kodi ya mishahara ya watumishi hulipwa kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita, na ritani ya Kodi ya Ongezeko la Thamani hupelekwa tarehe 20. Mtihani wa mwanzoni mwa Novemba unagongana na ile tarehe 7. Mei nayo ina shida yake: kampuni zinazofunga hesabu Desemba huwa na wakaguzi mezani wakati huo, kwa kuwa ritani ya mwaka inatakiwa ifikapo mwisho wa Juni. Mwenye nafasi ya kuchagua kati ya misimu miwili aitazame kalenda ya ofisi yake kwanza.

Basi barua yako ilijibu swali la bosi kabla hajauliza. Kwa mfano:

"Naomba likizo ya siku 15 katika siku zangu 18 zilizobaki, kwa tarehe zilizoorodheshwa hapa chini, ili nijiandae na kufanya mitihani ya NBAA. Orodha ya mishahara ya Oktoba nitaiandaa na kuikabidhi kabla sijaondoka, na msaidizi wangu ameonyeshwa namna ya kuiwasilisha kodi. Naomba pia siku mbili za mtihani zisikatwe katika likizo yangu ya mwaka. Ratiba nimeiambatanisha."

Omba jibu la maandishi, na ubaki na nakala. Kama mwajiri ndiye aliyelipa ada, uliza mapema mambo mawili: utadaiwa nini ukiacha kazi, na je, ukirudia somo utapewa tena siku hizo? Mahali pengine siku za bure hutolewa mara ya kwanza tu.

Kuhusu ED

Hapa tuseme wazi, maana tunazungumza kama dada na dada. Wako wanaoomba ED kwa daktari wanayefahamiana naye, wakaenda kufanya mtihani. Likizo ya ugonjwa ni ya mgonjwa. Mhasibu anayefanya hivyo ameacha ushahidi wake mwenyewe: saini yake iko kwenye orodha ya chumba cha mtihani, siku ile ile ambayo cheti kinasema alikuwa kitandani. Udanganyifu mkubwa kazini ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu, hata likiwa la kwanza. Tena cheti anachokitafuta kinamtaka awe mtu ambaye saini yake inaaminika. Kuanza kwa saini ya uongo ni kujenga juu ya mchanga.

Kwa aliyejifungua karibuni, hali ni tofauti. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa watoto zaidi ya mmoja, na mwajiri haruhusiwi kukutaka utumie likizo ya mwaka badala yake. Mtihani ukiangukia ndani ya siku hizo, huhitaji ruhusa nyingine. Linalobaki ni saa tatu za mtoto. Mpeleke na mtu anayemzoea, umnyonyeshe dakika za mwisho kabla ya kuingia, na umzoeshe maziwa uliyokamua wiki mbili kabla. Ukisharudi kazini, una haki ya kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi.

Likizo isiliwe na nyumba

Mwisho, siku zilizopatikana kwa taabu huweza kupotea ndani ya nyumba yenyewe. Shangazi akisikia mama yuko likizo, anakuja kusalimia siku tatu. Jumuiya inamtuma kupika. Wala hawana kosa, kwa sababu neno "likizo" kwao ni mapumziko. Kwa hiyo baba watoto ndiye aitangaze, akiwaambia ndugu kwamba mama yuko kwenye mtihani hadi tarehe fulani. Kauli yake huzuia wageni ambao kauli ya mama ingeonekana kuwa ni kiburi.

Kama nyumbani hapana mlango wa kufunga, omba chumba kanisani au shuleni asubuhi. Ondoka saa ile ile unayoondokaga kwenda kazini, urudi saa ile ile. Watoto watakuona kama siku nyingine zote, na jioni utakuwa wao. Ijumaa ya kwanza ya Oktoba ikiliwa na wageni, usingoje ya pili nayo iende. Zungumza na baba watoto jioni hiyo hiyo, kwa maana zimebaki mbili.