Kwa nini simu ikinyamaza hofu huzidi mpendwa anaposafiri usiku?

Basi linaloondoka Kampala jioni kuelekea Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, husafiri zaidi ya kilomita 500 kabla ya kufika asubuhi. Kwa familia za Kuluba na vijiji jirani, usiku huo huwa mrefu. Wengi hulala na simu chini ya mto, na inapoita, moyo hushtuka kabla jina la mpigaji halijasomwa.

Hofu hiyo ina msingi. Usiku wa kuamkia Oktoba 22, 2025, mabasi mawili yaligongana uso kwa uso wilayani Kiryandongo, katika barabara ya Kampala–Gulu ambayo abiria wa Nile Magharibi huifuata hadi Karuma. Polisi walisema madereva walikuwa wakijaribu kuyapita magari mengine. Mwanzoni walitangaza vifo 63, kisha wakapunguza idadi hadi 46, wakieleza kuwa baadhi ya majeruhi waliozirai walihesabiwa miongoni mwa waliokufa.

Ukimya na ubongo

Hata hivyo, kinachomtesa anayesubiri aghalabu si habari, bali kukosekana kwake. Akili hujaza pengo hilo kwa tukio baya inalolikumbuka kwa urahisi, na ajali moja iliyotangazwa hufunika safari nyingi zilizofika salama. Kupiga simu kila mara hutuliza kwa dakika chache tu, huku kukimaliza chaji ya msafiri. Simu yake inapozimika, ukimya huo nao huonekana kuwa ishara ya msiba.

Kukubaliana kabla ya safari

Njia mojawapo ya kuupunguza mzigo huu ni kukubaliana mapema vituo vya kutuma ujumbe. Kwa safari ya Koboko, neno moja likitumwa Karuma, jingine Pakwach na jingine Arua, anayesubiri hujua ni wakati gani ukimya ni wa kawaida. Namba ya basi na simu ya ofisi ya kampuni ziandikwe kabla ya kuondoka. Ujumbe mmoja ukikosekana, huenda abiria amelala au mtandao umekatika. Vikipita vituo viwili, ofisi hiyo ndiyo ya kuulizwa kwanza, kabla ya makundi ya WhatsApp.

Kwa mlinzi au muuguzi wa zamu ya usiku, simu mbili zinatosha: anapofika kazini na anapotoka.

Utaratibu huu hauondoi hatari ya barabarani. Vilevile hautoshi iwapo hofu inaendelea hata msafiri akiwa nyumbani, ikiondoa usingizi na kuvuruga kazi siku nyingi kwa miezi kadhaa. Hali hiyo huenda ikawa ugonjwa wa wasiwasi, ambao hutibika kwa ushauri nasaha, na wakati mwingine kwa dawa. Mahali pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu, ambacho kinaweza kumpeleka mgonjwa katika Hospitali ya Rufaa ya Arua.